"Hawapo B" ikasikika "Wapo B": namna ya kupanga kitufe cha maiki kisigombane na vitufe vya gemu

Raundi tuliyopoteza ilipotea kwa silabi moja. Tulikuwa kwenye ramani ya Ascent, ndani ya Valorant, sisi washambuliaji, 12 kwa 11, tumebakiza raundi moja tumalize. Binamu yangu, aliyekuwa akicheza kutoka kwao Likoni, alichungulia upande wa B akakuta peupe. Akasema, "Hawapo B." Sisi wanne tuliokuwa katikati tukasikia, "Wapo B." Tukageuza, tukaingia A kwa kasi, tukakuta wote watano wametukalia kama wanangoja pilau. Ikawa 12 kwa 12, na raundi za nyongeza hatukuziweza.

Baadaye tulibishana nusu saa. Yeye anaapa alisema "hawapo", sisi tunaapa tulisikia "wapo", na ukweli ni kwamba hakuna aliyedanganya. Alianza kusema na kubonyeza kitufe kwa wakati mmoja, na ile "ha" ikabaki chumbani kwake.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba Kiswahili kina tabia mbaya kwenye maiki. Kukanusha kwetu mara nyingi kunakaa mwanzoni kabisa mwa neno: hawapo, hayuko, hatuna, hajafa. Mahali nako tunakutaja mwishoni kabisa: "wawili wanakuja... B." Ukikatwa mwanzo, maana inageuka kinyume. Ukikatwa mwisho, wenzako wanajua kuna watu lakini hawajui wapi. Kwa hiyo kazi yote ya kupanga kitufe, kwa mtu anayeongea Kiswahili na timu yake, ni kuhakikisha ncha mbili za sentensi zinafika. Mengine ni mapambo.

Kila njia inakatia wapi

Njia ya kwanza ni ya kitufe: unashikilia, unaongea, unaachia. Kwenye skrini huitwa `Push to Talk`. Njia ya pili ni maiki wazi, ambayo Discord huiita `Voice Activity` na Valorant huiita `Automatic`. Wengi hudhani maiki wazi inatuma kila kitu muda wote. Kwa kawaida sivyo. Programu inakaa mlangoni kama bawabu, inasikiliza ukubwa wa sauti, na mlango unafunguka pale tu sauti inapopita kiwango kilichowekwa.

Sasa tamka "hawapo" polepole, kiganja kikiwa mbele ya mdomo. Ile "h" ni pumzi tu, haina nguvu. Kiwango kikiwa juu, bawabu hamtambui mgeni huyo. Anafungua mlango akisikia "wa". Maana yake maiki wazi inaweza kukufanyia kosa lilelile la binamu yangu bila wewe kugusa chochote. Tofauti ni kwamba kosa la kitufe ni la kidole na linafundishika, lakini kosa la bawabu unalirekebisha kwa mipangilio, na wakati mwingine chumba chenyewe kinakukatalia.

Pima chumba kwanza

Kabla ya kuchagua, fanya kipimo hiki. Kinachukua dakika tano. Fungua Discord kwenye kompyuta, nenda `User Settings`, kisha `Voice & Video`. Chagua `Voice Activity`, halafu uzime ile sehemu inayosema `Automatically determine input sensitivity`. Utaona mstari wenye kiashiria unachoweza kukivuta, na sauti yako ikicheza juu ya mstari huo. Namba ziko kwenye desibeli, na ni za hasi: kadiri zinavyokaribia sifuri ndivyo sauti ilivyo kubwa.

Washa feni kama unavyoiwasha siku zote. Usijidanganye kwa kuizima ili upate namba nzuri, maana Mombasa mwezi wa Februari utaiwasha tu. Nyamaza, uangalie feni peke yake inafika wapi. Kisha sema "ha" kwa sauti ile unayoitumia saa sita usiku watu wamelala. Kisha sema sentensi nzima.

Kwangu, ghorofa ya tatu Majengo, feni ilikuwa ikichezea karibu na -52. Sentensi ya kawaida ilifika kama -28. Ile "ha" ya usiku iligusa -45. Basi nafasi yangu iko kati ya -52 na -45. Nikaweka kiashiria -49, feni haipiti na "ha" inapita. Ni upenyo mdogo, lakini upo.

Kipimo kikionyesha feni na "ha" zinapishana, yaani feni inafika -44 na "ha" ni -45, acha kuhangaika. Hakuna mahali pa kuweka kiashiria patakapokufaa: ukikishusha, feni inaingia kwa timu nzima; ukikipandisha, kila kanusho linakatwa. Sogeza maiki karibu na pembe ya mdomo, upime tena mara moja. Bado? Tumia kitufe.

Halafu kuna kelele ambazo kipimo hiki hakizioni kwa sababu hazidumu. Kunguru wanaogombania taka dirishani, tuktuk, honi ya matatu, mama anayekuita ukachukue mkate. Discord ina sehemu ya `Noise Suppression`, na ile ya Krisp inajitahidi sana kuondoa feni na makelele yasiyo ya binadamu. Lakini sauti ya mtu ni sauti ya mtu. Redio ya jirani, watoto barazani na adhana vinaweza kupita, kwa sababu kinachotafutwa pale ni sauti ya binadamu. Mimi binafsi sioni vizuri adhana ya Maghrib iingie katikati ya watu wanaotukanana kwenye gemu, na hiyo peke yake imenifanya nitumie kitufe ninapocheza jioni. Kuna anayeona si neno. Hayo ni yake.

Maiki wazi naitumia mchana, milango imefungwa, nikiwa na hedifoni. Bila hedifoni usiijaribu: spika zitarudisha sauti za wenzako kwenye maiki yako, kila mtu ajisikie akijibiwa na mwenyewe.

Kidole gani kiko huru?

Watu hutafuta kitufe ambacho hakina kazi kwenye gemu, wakifika kwenye herufi kama `H` au `J` wanashangilia. Hawajiulizi nani ataenda kukibonyeza.

Weka mkono wa kushoto kwenye kibodi kama unavyocheza. Kidole cha mwisho kiko kwenye `Shift` ya kushoto (kutembea bila kishindo) na `Ctrl` (kuchutama). Cha pete kiko `A`. Cha kati kinapanda na kushuka `W` na `S`. Cha shahada kiko `D`, na ndicho hichohicho kinachokimbia kwenda `R`, `F` na `E`. Dole gumba limekaa kwenye `Space`.

Valorant inakuja na `V` kwa maiki ya timu na `U` kwa maiki ya kundi lako. `V` inaonekana iko karibu. Ukiibonyeza kwa kidole cha shahada, umeachia `D`, kwa hiyo katika sekunde mbili unazoongea huwezi kuteleza kulia. Adui akikutokea upande wa kushoto, umesimama kama nguzo ya stima. Ukiibonyeza kwa dole gumba, umepoteza kuruka, ambako ni nafuu, lakini dole gumba linapinda vibaya na baada ya mechi tatu litakukumbusha. `U` ndiyo balaa zaidi, maana mkono mzima lazima uhame.

Vitufe vingine vinavyopendwa vina mitego yake:

- `Ctrl` unaongea umechutama, na unachutama ukiongea. Binamu yangu aliwahi kuweka hiki kwenye Discord. Tukawa tunajua kila anapochutama kwa sababu tunasikia akipumua.
- `Shift` ukiigonga mara tano mfululizo, Windows inakutolea dirisha la `Sticky Keys` katikati ya mapambano. Hata kama huitumii kwa maiki, nenda `Settings`, `Accessibility`, `Keyboard`, uizime.
- `Alt` inakaa vizuri chini ya dole gumba, hadi siku utakapobonyeza `Tab` kuangalia alama huku ukiongea, ukajikuta nje ya gemu.
- `Caps Lock` si mbaya kwa kidole cha mwisho, ila utaandika ujumbe wako wote kwa herufi kubwa na watu wadhani unawafokea.

Kidole kinachobaki ni dole gumba la mkono wa kulia, lililolala ubavuni mwa mausi. Kama mausi yako ina vitufe viwili vya ubavuni, weka maiki pale, kwenye kile ambacho dole linakigusa bila kusogea. Unaweza kukimbia, kuruka, kuchutama, kulenga na kufyatua huku unaongea. Hasara yake ipo: wengine wakibonyeza kwa nguvu, mausi husogea kidogo na lengo hutikisika. Ukiwa wa hao, bonyeza kabla ya kulenga, usibonyeze ukiwa tayari umemweka adui kwenye alama.

Kibodi inayomeza vitufe

Kama mausi yako haina vitufe vya ubavuni na huna budi kutumia kibodi, kuna jambo la kupima kabla hujalaumu intaneti. Kibodi za bei nafuu, zile laini zisizo na mlio, zimepangwa kwa nyaya za safu na mistari, na vitufe vinachangia nyaya. Ukishikilia viwili vitatu vya njia moja, kinachofuata kinamezwa. Kwako umebonyeza, kompyuta haijaona kitu.

Pima hivi. Fungua Notepad. Shikilia `Shift` ya kushoto, `W` na `D` kwa pamoja, kama unayetembea kimya kwa mshazari. Bila kuachia, gonga `V`. Ikitokea `V` kwenye karatasi, uko salama kwa mchanganyiko huo. Isipotokea, kitufe chako cha maiki hufa kila unapotembea kimya kwa mshazari, na huo ndio wakati unaopaswa kuwaambia wenzako umeona nini. Rudia kwa `Shift`, `W` na `A`. Kisha jaribu herufi nyingine unazozifikiria. Usifanye jaribio hili kwa `Ctrl` na `W`, kwa sababu Notepad ya Windows 11 itafunga ukurasa wako.

Kwenye saiba moja ninayopita, kompyuta mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu zina kibodi tofauti: moja inapitisha `V`, nyingine inaimeza. Wachezaji waliokuwa wakikaa kwenye ile ya pili walikuwa na sifa ya kuwa wanyamavu.

Kupanga: wenzako watatu, wageni wawili

Mkiwa watano mnaojuana wote, msijisumbue. Chagueni sehemu moja, Discord au gemu, na nyingine muizime kabisa. Taabu iko mkiwa watatu mnaojuana na gemu ikawaongezea wageni wawili. Mnataka kupiga soga zenu Discord, na mnataka wale wageni wasikie taarifa.

Kosa la kawaida ni kuwa na maiki wazi Discord, halafu unashikilia kitufe cha gemu kuongea na timu. Wageni wanakusikia mara moja. Rafiki zako wanakusikia mara mbili, kwa njia mbili ambazo hazifiki kwa wakati mmoja: "Wa-wawili-wili B-B." Ndani ya mwangwi huo hakuna "ha" itakayosalimika.

Dawa yake iko hivi. Ndani ya Valorant fungua `Settings`, `Audio`, `Voice Chat`. Maiki ya timu iache kwenye `Push to Talk`, na kitufe chake kiwe kile cha ubavuni mwa mausi. Maiki ya kundi izime, maana kazi yake inafanywa na Discord. Kisha pitia vitufe vya gemu uone kama kile cha ubavuni hakijapewa kazi nyingine. Mimi nilikuta nilikwisha kukipa kazi ya kutoa visu vya mhusika Jett na nikasahau.

Halafu rudi Discord, kwenye `Keybinds`, ongeza kitendo kinachoitwa `Push to Mute`, ukipe kitufe hichohicho cha mausi. Hapa kugongana kwa vitufe ndiko tunakokutaka. Discord haikinyang'anyi gemu kitufe. Inakisikiliza tu kikibonyezwa, na gemu nayo inakipata kama kawaida. Kwa hiyo ukishikilia, gemu inafungua maiki na Discord inaifunga. Rafiki zako wanakusikia mara moja, kupitia timu. Ukiachia, mnarudi kwenye soga zenu. Wote watatu mfanye hivyo, sio mmoja.

Tabia hiyo ya kutokinyang'anya kitufe ndiyo inayoleta madhara mengine. Ukipanga `V` kuwa maiki kwenye Discord, kila utakapoandika neno lenye "v" mahali popote, maiki itafunguka kwa kupepesa. Na ukitumia vitufe vya mausi, ukiwa kwenye kivinjari kile cha nyuma kitakurudisha ukurasa uliopita wakati unataka kusema tu.

Kwa wanaocheza Counter-Strike 2, kazi ni mstari mmoja kwenye konso:

```
bind "mouse4" "+voicerecord"
```

Alama ya kujumlisha inamaanisha kitendo kinadumu muda wote kitufe kimeshikiliwa. Kama `mouse4` ilikuwa na kazi nyingine, kazi hiyo imefutwa. Itafutie kitufe kingine mapema, usije ukaikumbuka raundi ya pili.

Ukitumia `Push to Talk` kwenye Discord, kuna kitelezi cha `Push to Talk Release Delay`. Hicho kinaamua maiki ibaki wazi kwa muda gani baada ya kuachia. Kinakuja kikiwa milisekunde 20, ambazo ni kama hakuna. Kipeleke karibu 250. Hapo "B" ya mwisho wa sentensi inafika hata kama kidole kina haraka. Ukikipeleka hadi 1000, wenzako watasikia na ile "aah!" yako baada ya kufa, na wengine watakuwa bado wanasikiliza hatua za adui. Lakini kitelezi hiki kinaokoa mwisho tu. Hakuna cha kuokoa mwanzo, kwa sababu programu haiwezi kujua utaongea kabla hujabonyeza. Hiyo ni kazi ya kidole: bonyeza, vuta pumzi fupi, ndipo useme. Au anza na neno la kupotea, kama tunavyofanya sasa: "Sikia, hawapo B." Likikatwa "sikia", hakuna aliyekufa.

Unajuaje kwamba limeharibika

Kitufe kinafanya kazi ukiwa nje ya gemu, ndani kimekufa. Mara nyingi gemu imefunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi na Discord haikufunguliwa hivyo. Windows hairuhusu programu ya chini kuona vitufe vinavyobonyezwa kwenye ya juu. Funga Discord kabisa, bofya alama yake kwa kitufe cha kulia, chagua `Run as administrator`. Kwenye saiba huenda wakakukatalia, na ni haki yao. Hapo tumia maiki ya gemu.

Discord imefunguliwa kwenye kivinjari: kitufe kitafanya kazi ukiwa kwenye ukurasa ule tu. Weka programu yenyewe.

Duara la kijani kuzunguka picha yako limewaka na wewe umenyamaza: kama ni maiki wazi, bawabu amelala, pandisha kiwango. Kama ni kitufe, huenda ulitoka kwa `Alt` na `Tab` ukiwa umekishikilia, na programu haikuona ukikiachia. Kibonyeze na kukiachia mara moja, duara litazimika.

Ukimaliza yote, mpigie mwenzako, useme "hawapo B" na "wapo B" mara kumi kwa kuchanganya, ukikimbia ndani ya uwanja wa mazoezi, naye aandike anachosikia kwenye karatasi. Binamu yangu alipata tisa. Ya kumi ilimezwa na honi ya feri.